Watu 12,000 na Saa 7 Mchana: Hesabu ya Vyoo, Maji, Huduma ya Kwanza na Wahudumu

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa dini, ndugu wajumbe wa kamati ya maandalizi, na maafisa afya wenzangu mliohudhuria, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nieleze namna ya kupata idadi ya vyoo, kiasi cha maji, ukubwa wa huduma ya kwanza na idadi ya wahudumu tukianzia na makadirio ya watu watakaohudhuria. Nitaeleza kwa mkutano mmoja wa mfano, ambao ni ibada ya siku moja katika uwanja wa wazi, inayofungua milango saa 1 asubuhi na kumalizika saa 11 jioni, ikitarajiwa kuwa na watu 12,000. Nimechagua mfano wa aina hii kwa kuwa unafanana na mikutano mnayoiandaa ninyi wenyewe, na kwa kuwa watu wake wanakaa uwanjani karibu siku nzima.

Kabla ya hesabu, naomba niwapeleke mahali nilipoanza kuitazama kazi hii kwa jicho jingine. Miaka kadhaa iliyopita nilipangiwa zamu katika mkutano mkubwa ambao sitautaja jina wala mahali. Saa 7 na robo mchana, dakika 15 baada ya mapumziko kutangazwa, nilisimama mwishoni mwa foleni ya akina mama nikaihesabu mmoja mmoja, nikapata watu 143 mbele ya matundu 6 ya vyoo. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliniuliza kama angefika mlangoni kabla ibada haijaanza tena. Nilipiga hesabu kichwani: kila tundu lilikuwa na watu 24, na kila mtu alikuwa akitumia dakika 3, hivyo zamu yake ingefika baada ya saa nzima na dakika kama 10. Sikuwa na jibu la kumpa. Alijitoa kwenye foleni akaelekea kwenye shamba la mahindi nyuma ya uwanja, na wengine wakamfuata. Jioni nilipokwenda kukagua, nilikuta kinyesi kimetapakaa kwenye matuta, na kisima ambacho majirani wanachota maji ya kunywa kilikuwa hatua zisizozidi 20 kutoka pale.

Kamati ya mkutano ule haikuwa ya wazembe. Walijiuliza kama uwanja una vyoo, wakaambiwa vya shule ya jirani vipo, wakaweka alama ya tiki. Swali ambalo hawakujiuliza ni hili: saa 7 mchana, watu wote wanaponyanyuka kwa pamoja, ni wangapi watataka tundu, wangapi watataka koki ya maji, na kila mmoja atatumia dakika ngapi? Hesabu zote nitakazozitoa leo zinazunguka swali hilo moja, kwa sababu huduma ya mkutano haishindwi kwa wastani wa siku, bali inashindwa katika saa moja yenye watu wengi kuliko nyingine zote.

Tuanze na namba yenyewe. Ninapoletewa barua inayosema wanatarajiwa watu 12,000, jambo la kwanza ninalouliza ni kama hao ni jumla ya watakaopita mlangoni kutwa nzima, au ni watakaokuwepo kwa wakati mmoja. Katika maonesho, watu 12,000 wanaweza kupita bila kuwahi kuwa zaidi ya 4,000 au 5,000 ndani kwa pamoja. Katika ibada, aliyeingia asubuhi bado yupo mchana, na kwa hiyo jumla na kilele ni kama namba moja. Jambo la pili ni kuuliza uwanja. Uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, na ukiondoa jukwaa, mahema, njia za kupita na njia ya gari la wagonjwa, hubaki kama mita 5,000. Watu waliokaa kwenye viti vya plastiki na nafasi za kupita kati ya safu huchukua mita moja ya mraba kwa mtu mmoja na nusu hivi, kwa hiyo uwanja ule utabeba watu 7,500 waliokaa. Tangazo likisema 30,000, ardhi inakataa, na mtu wa afya anapaswa kuiamini ardhi. Kwa watu wetu 12,000 waliokaa tunahitaji mita za mraba 8,000 zilizo huru, maana yake ni lazima tupate na eneo la pembeni ya uwanja.

Jambo la tatu ni mgawanyo wa wanawake na wanaume. Wengi huandika nusu kwa nusu kwa mazoea, lakini katika mikutano ya ibada niliyoihudumia wanawake wamekuwa wengi zaidi kila mara, na katika mfano huu nachukua asilimia 65, yaani wanawake 7,800 na wanaume 4,200. Msinielewe kwamba asilimia hiyo ni ya kila mkutano. Hesabuni wenyewe katika ibada mbili tatu za kawaida kabla ya siku kuu, kwa kuwa namba hii peke yake inabadilisha vyoo kuliko nyingine yoyote.

Sasa twende kwenye vyoo, na hapa naomba mnivumilie kwa kuwa nitakaa kidogo. Waandaaji wa matukio nchini Uingereza wamezoea uwiano ufuatao kwa tukio linalozidi saa 6: tundu 1 kwa wanawake 75, tundu 1 kwa wanaume 400, na juu yake sehemu 1 ya haja ndogo kwa wanaume 100. Kwa mkutano wetu uwiano huo unatoa matundu 104 ya wanawake, matundu 11 ya wanaume na sehemu 42 za haja ndogo. Najua namba 104 inawashtua wajumbe, na kila ninapoitaja mtu huniuliza kama haiwezi kupunguzwa hadi 40. Badala ya kubishana, naipeleka namba hiyo saa 7 mchana.

Tuseme mapumziko ni ya saa moja, na theluthi moja ya wanawake, yaani 2,600, wanataka kujisaidia ndani ya saa hiyo. Mwanamke aliyevaa gauni refu na kanga, mwenye mtoto au kopo la maji mkononi, katika choo cha kuchuchumaa, hutumia kama dakika 3 tangu anapofungua mlango hadi anapomwachia mwenzake. Nimepima kwa saa ya mkononi mara nyingi na sijaona sababu ya kushusha makadirio hayo. Kwa dakika 3, tundu moja linahudumia wanawake 20 kwa saa. Matundu 104 yanahudumia 2,080, na kwa hiyo foleni itaisha baada ya saa moja na robo. Matundu 40 yanahudumia 800, na foleni itachukua saa 3 na robo. Na endapo hayo 40 yatagawanywa nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume, kama ilivyo desturi, wanawake watabaki na 20, nayo foleni itahitaji saa 6 na nusu. Kabla saa hizo hazijapita, shamba la mahindi litakuwa limeshakuwa choo.

Mtaona kwamba hata uwiano mzuri unapitiliza mapumziko kwa dakika 15. Kuna njia mbili za kuziba pengo hilo: kuongeza matundu 26 ili yawe 130, au kurefusha mapumziko hadi saa moja na nusu huku tukiruhusu upande mmoja wa uwanja utangulie na mwingine ufuate baada ya nusu saa. Njia ya pili haigharimu shilingi, isipokuwa inamtaka mwongoza ratiba akubali kwamba choo ni sehemu ya ratiba. Binafsi ndiyo ninayoiomba kwanza.

Kwa upande wa wanaume, sehemu 42 za haja ndogo zikitumiwa dakika moja moja zinapitisha watu 2,520 kwa saa, na wanaume wanaohitaji huduma saa hiyo ni kama 1,400, hivyo wanabaki na nafasi. Lakini angalizo hili ni kubwa kwetu sisi wa pwani na popote penye Waislamu wengi: mwanamume anayestanji kwa maji hataki kusimama kwenye ukuta wa wazi, anataka faragha na kopo lenye maji. Katika Maulidi au mkutano unaofanana nao, uwiano wa Uingereza unavunjika hapo, na mimi huhamisha sehemu kubwa ya nafasi za haja ndogo kuwa matundu yenye mlango, kisha naweka safu ya koki za kutawadhia mbali na vyoo, na maji yake nayahesabu peke yake.

Mtu ataniuliza matundu 104 yatatoka wapi, kwa kuwa vyoo vya kukodi vya kubebeka havipatikani kwa wingi huo katika wilaya nyingi, na vinapopatikana bei yake ni kubwa. Jibu ni mitaro. Mtaro mmoja wenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 12, ukifunikwa kwa mbao au sakafu za plastiki zenye tundu na kugawanywa kwa turubai kila baada ya sentimita 90, unatoa matundu 13. Mitaro 8 ya namna hiyo inatosha, minne upande mmoja wa uwanja na minne upande wa pili. Kuhusu kina, kila mwanamke akienda mara 2 kutwa tunapata safari 15,600, na kila safari ikiacha lita 2 na theluthi hivi za maji na haja, jumla ni kama lita 36,000, sawa na lita 345 au 350 kwa tundu. Hata udongo usiponyonya chochote, kiasi hicho kinapanda chini ya nusu mita ndani ya mtaro, hivyo kina cha mita 1.2 kinaacha nafasi ya kutosha kufukia usiku uleule. Vibarua hupenda kuchimba zaidi, lakini mtaro wa kina kirefu uliochimbwa kwa haraka hubomoka kingo, na maisha ya mtu aliye juu yake yanakuwa hatarini. Msisahau mambo mawili ya ardhi: mtaro uwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, na sehemu ya chini yake iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kama shimo la majaribio linatoa maji katika mita 2.7 za kwanza, mitaro haifai hapo, na itabidi mkodi vyoo vyenye tangi pamoja na gari la kunyonya majitaka.

Kwenye maji, kosa ninalolikuta ni kuhesabu ya kunywa peke yake. Kwa saa 10 juani mimi huweka lita 3 za kunywa kwa mtu, yaani lita 36,000. Kisha vyoo: watu 12,000 wakienda mara 2 ni safari 24,000, na kila safari ikihitaji lita 2 za kustanji na lita 1 ya kunawa mikono, zinatoka lita 72,000. Choo kinataka mara mbili ya maji yanayotakiwa kunywewa. Jumla ni lita 108,000, sawa na safari 11 za boza la lita 10,000. Boza moja likitumia saa moja na nusu kujaza, kusafiri, kumwaga na kurudi, litafanya safari 6 kwa siku nzima, na ikitokea pancha zitakuwa pungufu ya hapo. Kwa hiyo lita 60,000 ziwe zimeshalala ndani ya matangi uwanjani jioni ya kuamkia mkutano, na boza libaki na safari 5 tu, ambazo 4 ziwe zimekamilika kabla ya saa 6 mchana.

Maji yakiwa tangini bado hayajafika kinywani. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada huutumia katika kambi, unahesabu watu 250 kwa koki moja inayotoa lita 7.5 kwa dakika. Kwa watu wetu hizo ni koki 48. Kwa mwendo huo chupa ya lita moja hujaa kwa sekunde 8, na ukijumlisha muda wa kubadilishana nafasi, koki moja hujaza chupa 4 kwa dakika, hivyo nusu ya watu wakija ndani ya saa ya mapumziko wanahudumiwa bila kusukumana. Lakini koki haijui imeandikiwa nini kwenye mpango. Chukueni jagi la lita moja na saa, mpime koki ya mwisho ya mstari, tena mpime tangi likiwa limebaki robo, kwa sababu tangi lililowekwa chini kabisa hutoa maji vizuri asubuhi na kudondosha matone mchana. Nimeona koki iliyochukua sekunde 8 saa 2 asubuhi ikichukua sekunde 25 saa 7, na watu wakadhani maji yamekwisha ilhali tangi lilikuwa na lita 2,000. Tangi likiinuliwa mita moja na nusu juu ya jukwaa imara, tatizo hilo hupungua sana. Neno imara nalisisitiza, maana tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10.

Maji ya boza yatiwe klorini hata kama dereva anasema yametoka kwenye bomba la mamlaka. Kwa lita 10,000 zinazoonekana safi, dozi ya miligramu 2 kwa lita ni gramu 20 za klorini, na kwa kuwa unga wenyewe una asilimia 65 ya klorini, pimeni gramu 31. Unga ukorogwe kwanza ndani ya ndoo ya maji, umwagwe tangini wakati boza linajaza ili uchanganyike, kisha tusubiri dakika 30. Baada ya hapo tunapima kwenye koki, na kifaa cha kulinganisha rangi kinapaswa kuonyesha kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Rangi ya waridi isipojitokeza kabisa, maji hayo hayanywewi mpaka yaongezwe dawa. Mnakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi. Mkutano unaokusanya watu wa wilaya kadhaa na kuwarudisha makwao usiku uleule ni njia fupi mno kwa ugonjwa wa namna hiyo, na kikombe kimoja kilichofungwa kwa kamba kwenye tangi, kinachonywewa na kila mtu, kisiwepo kabisa.

Koki hizo 48 zigawanywe katika vituo 8 vya koki 6, vikiwa vimeizunguka hadhara. Nasema hivi nikikumbuka Moshi, tarehe 1 Februari 2020, ambako watu 20 walipoteza maisha katika mkanyagano walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikusanyika kwa ibada, na kilichowasukuma ni kitu kimoja kilichotakiwa na wote, mahali pamoja, kwa dakika zilezile. Maji ya bure saa 7 mchana yana nguvu ileile ya kuvuta watu. Vivyo hivyo chakula, fulana, na hata kivuli cha mti mmoja.

Huduma ya kwanza inahesabiwa kwa namna hiyohiyo. Katika mikutano mingi duniani wanaofika hemani ni kama mtu 1 au 2 kwa kila 1,000, lakini jua kali, funga, wazee na kusimama muda mrefu vinaweza kuipandisha namba hiyo mara kadhaa. Kwa mkutano wetu naandaa kwa ajili ya 5 kwa kila 1,000, yaani wagonjwa 60. Nusu yao watakuja kati ya saa 6 na saa 9 mchana, ambao ni 10 kwa saa, na kila mmoja akilala hadi saa moja tunahitaji vitanda 10, katika mahema 2 yaliyowekwa pande tofauti. Kwa watoa huduma, mimi huweka 2 kwa kila watu 1,000 hadi kufikia watu 3,000, na 1 kwa kila 1,000 wanaozidi hapo, hivyo napata 15, nao nawaongezea tabibu 1 na wauguzi 2. Skauti na vijana wa Msalaba Mwekundu waliofunzwa wanaifanya kazi hii vizuri, mradi watembee wawili wawili ndani ya hadhara, kwa sababu mgonjwa wa joto mara nyingi hawezi kulifikia hema.

Naomba niseme jambo moja la kitabibu kwa kuwa ndilo linaloua. Mtu akianguka kwa joto, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka na mwili unawaka, apozwe palepale kabla ya kupakiwa garini. Avuliwe nguo nzito, alowanishwe maji mwili mzima, afunikwe kanga mbichi na apepewe bila kukoma, huku wenzake wakiita gari. Ndoo 4 za maji, kanga 10 na vipande vya boksi vya kupepea viwe ndani ya kila hema, na hivyo ndivyo vitu ninavyovikagua mwanzo, kabla sijafungua sanduku la dawa. Magari ya wagonjwa yawe 2. Likiwa moja, siku litakapoondoka kumpeleka mzazi mjamzito hospitali, watu 12,000 watabaki bila gari kwa saa zima.

Tumebakiza wahudumu, na hawa hawatoki hewani bali wanatokana na vitu tulivyokwisha kuvihesabu. Mhudumu 1 kwa kila matundu 10 ya wanawake ni watu 11, na 3 kwa upande wa wanaume, jumla 14, ambao kazi yao ni kujaza maji, kufagia, kupanga foleni na kumwelekeza mtu kwenye tundu lililo wazi. Vituo vya maji vinataka mtu 1 kila kimoja, na 2 wa matangi na klorini, jumla 10. Huduma ya kwanza ni 18. Wasimamizi wa umati ni 1 kwa kila watu 250, yaani 48. Mlangoni, ikiwa watu 8,000 watafika kati ya saa 1 na saa 3, hao ni 4,000 kwa saa, na ukaguzi wa sekunde 10 kwa mtu unapitisha watu 360 kwa saa katika mstari mmoja, hivyo tunahitaji kama mistari 11 yenye watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao ni 22. Wote kwa pamoja ni 112.

Wahudumu hawa wanahitaji kula na kupumzika, na kamati nyingi husahau jambo hilo. Wale 22 wa mlangoni wanapungukiwa kazi baada ya saa 4 asubuhi. Wabaki wachache wa kufungua na kufunga, na wengine waelekezwe vyooni na kwenye koki kuanzia saa 5 na nusu, ili waliosimama tangu alfajiri wapate kukaa na kula kabla ya saa 7 kufika. Sahani 112 za chakula ziingie kwenye bajeti kwa jina hilo. Mhudumu mwenye njaa huondoka bila kuaga, na utamkosa saa ileile unayomhitaji.

Mwisho ni suala la namba kutotii. Katika kila lango awepo mtu mwenye kifaa cha kubofya anayehesabu wanaoingia na kutoa taarifa kwa simu kila baada ya nusu saa. Hesabu ikifika 9,000 kabla ya saa 3 asubuhi, boza la pili liitwe na mapumziko yagawanywe mawili. Ikifika 12,000, lango lifungwe, na walioko nje waelezwe kwa kipaza sauti, wapewe maji na kusikilizishwa ibada kupitia spika zilizowekwa nje kwa makusudi hayo. Katika Uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, mwezi Machi 2021, watu 45 walikufa katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli, na tangu hapo siwezi kuupitisha mpango wowote usiosema ni nani atakayefunga lango. Kufunga lango la mkutano wa dini ni kazi nzito, kwa kuwa kila mtu mwenye cheo atataka jamaa zake wapite. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kabla sijasaini kibali cha afya cha mkutano wenu, naomba jina la mtu huyo mmoja, limeandikwa, na sahihi yako chini yake ikisema kwamba akifunga, hata wewe mwenyewe hutamwamuru afungue.

Asanteni kwa kunisikiliza.